Mzazi anahamia kwako na nyumba ni ya kupanga: jinsi ya kumwomba mwenye nyumba rampu au vyuma vya kushikia, na kugawana gharama

Mimi nakusanya kodi kwa niaba ya shangazi yangu, ana rentoz Kireka na Bweyogerere hapa Uganda, kwa hiyo maombi ya aina hii nayapokea upande wa pili wa meza. Naweza kukuambia kitu kimoja, mwenye nyumba akikataa mara nyingi hajakataa mama yako, amekataa kitu ambacho hajakielewa. Mtu anakuja tu "naomba rampu ya mama", haijulikani ni kubwa kiasi gani, itapita wapi, nani analipa, na siku akihama kile kisiki cha zege kitabaki cha nani. Ukimjibu hayo manne kabla hajauliza kazi yako imekwisha nusu. Twende pole pole.

Anza na utepe wa kupimia, simu baadaye

Kabla hujamtumia mwenye nyumba chochote, toka nje upime. Pima kimo kutoka ardhini hadi kwenye baraza, halafu pima kila ngazi peke yake manake nyumba zetu nyingi ngazi hazilingani, na hapo ndo wazee wanaanguka: mguu umezoea kimo cha ngazi ya kwanza, ya pili inakuwa tofauti, fimbo inagonga. Pima na kizingiti cha mlango, kile chuma cha chini cha fremu, hata sentimita nne zinamkwaza mtu anayeburuta mguu. Mwisho pima nafasi ya mbele ya nyumba, kutoka ngazi ya chini hadi mtaro au mahali magari yanapopita.

Nitumie mfano wa mpangaji mmoja wa Bweyogerere, selfu ya vyumba viwili, kodi 600,000 kwa mwezi. Mama yake alikuwa anakuja kutoka Arua, anatembea na fimbo, magoti yamechoka. Baraza lake liko juu sentimita 36, ngazi mbili, ya chini sentimita 22 na ya juu 14. Mbele kuna mita 2.6 tu halafu mtaro.

Alikuja kwangu akitaka rampu. Sasa hesabu ya rampu ni hivi, kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. 36 mara 12 ni 432, kwa hiyo rampu yake inataka mita 4.3 na yeye ana 2.6. Fundi atakuambia "hakuna shida boss, tunaibana iingie", ndiyo itaingia, lakini itakuwa 1 kwa 7, mwinuko ambao mtu wa kusukuma wilchea anahema na mzee mwenye fimbo akishuka wakati wa mvua ni hatari kuliko hata zile ngazi za mwanzo. Angeweza kuilaza rampu ubavuni mwa nyumba lakini ingepita chini ya dirisha na mlango wa jirani, na hapo unaomba ruhusa ya watu wawili badala ya mmoja.

Amua kwanza kama ni rampu kweli

Hapa watu hawapendi kusikia lakini mimi nasema: kama mzazi bado anatembea, hata kwa fimbo, rampu mara nyingi siyo jibu. Kushuka mteremko kunasukuma mwili mbele na goti linafanya kazi yote ya breki. Mtu wa magoti mabovu anapata raha zaidi kwenye ngazi fupi zinazolingana, zenye pa kukanyaga papana, na chuma cha kushikia pande zote mbili. Rampu ni ya wilchea, au ya mtu wa fremu ya kutembelea ambaye hawezi kuinyanyua fremu kwenye ngazi. Kama daktari au mtu wa fizio ameshasema wilchea inakuja miezi si mingi basi sawa, omba rampu moja kwa moja usijenge mara mbili.

Kwa yule mpangaji tulikubaliana hivi: zile ngazi mbili zifunikwe zitoke tatu za sentimita 12 kila moja (12 mara 3 ni 36, umeona inavyokaa), pa kukanyaga sentimita 35, na vyuma kushoto na kulia. Inakula kama sentimita 70 za uwanja tu, mtaro hauguswi, na kwenye zile mita 2.6 hazipungui 1.9 zinazobaki.

Kwa nini pande zote mbili? Watu wanataka kuokoa hela wanaweka chuma kimoja. Sasa mzazi aliyepata stroki mkono wenye nguvu ni mmoja, tuseme wa kulia. Akipanda chuma kiko kulia, safi. Akishuka amegeuka, chuma kile kile sasa kiko kushoto kwenye mkono usioshika kitu. Na kushuka ndiko kunakoangusha watu.

Pata bei kwa fundi wawili, na bei igawanywe

Mwite mwashi na mtu wa kuchomelea, kila mmoja aandike bei yake kwenye karatasi. Usikubali ile bei moja ya jumla "kazi yote nipe laki saba", manake utakapofika kwenye kugawana utahitaji kujua kipi ni cha ngazi na kipi ni cha vyuma. Utaona sababu.

Kwa mfano wetu ilitoka hivi, bei za kwenu zitakuwa tofauti kwa hiyo zichukue kama mfano. Ngazi: simiti mifuko mitatu kwa 36,000 ni 108,000, mchanga na kokoto 90,000, mwashi 120,000, jumla 318,000. Vyuma: mabomba mawili ya futi ishirini 150,000, rangi na vijiti vya kuchomelea 40,000, bolti na vibati vya chini 32,000, kazi ya kuchomelea 100,000, jumla 322,000. Yote kwa pamoja 640,000.

Vile vyuma vya chooni, cha pembeni mwa kiti cha choo na kimoja cha kwenye shawa, aliviweka nje ya hesabu akalipa mwenyewe. Nilipenda hiyo. Vitu vya ndani vinavyofunguka kwa spana ukihama usimbebeshe mwenye nyumba, ila ruhusa ya kutoboa tailizi bado unaiomba, tailizi ikipasuka ni ugomvi mwingine kabisa.

Njia tatu za kugawana

Ya kwanza, na ndiyo naipenda, ni kugawa kwa kuangalia kinachobaki na kinachoondoka. Ngazi ni za nyumba, haziondoki na wewe, mpangaji atakayekuja na mtoto mdogo au mwenye mimba atazitumia, kwa hiyo mwenye nyumba alipe ngazi. Vyuma ni vyako, ulipe wewe, na ukihama unaweza kuvikata ukaenda navyo. Angalia mfano, 318,000 na 322,000, imekaribia nusu kwa nusu yenyewe na hakuna aliyebishana.

Ya pili ni wewe kutanguliza zote halafu mkatane kwenye kodi. Mwenye nyumba wengi hawana hela taslimu ya kutoa leo, ada za shule zimemkaba, lakini kupunguziwa kidogo kidogo hakumuumi sana. Nusu ya 640,000 ni 320,000, ukikata 80,000 kila mwezi inaisha kwa miezi minne, unalipa 520,000 badala ya 600,000. Lakini hiyo ni kwa anayelipa mwezi kwa mwezi. Kama umezoeshwa kulipa miezi mitatu mitatu, kata yote kwenye malipo yanayofuata, usiache deni linaning'inia mpaka mwaka ujao manake watu wanasahau na wengine wanasahau makusudi.

Ya tatu, wewe unanunua vifaa yeye analipa mafundi. Inafaa kama ana fundi wake anayemwamini na hataki fundi wa kuokota. Ubaya wake fundi wa mwenye nyumba anakuja siku anayotaka yeye, na mama ameshapanda basi la usiku Arua.

Kuna kitu kimoja usifanye: usijenge kwanza ukaja kukata kodi baadaye "manake nilitengeneza nyumba yako". Hapo umebadilisha jengo la mtu bila ruhusa, na umelipa kodi pungufu, makosa mawili kwa mpigo na yote ni yako.

Sasa ndo unaongea na mwenye nyumba

Ongea na mwenyewe. Keateka au broka atakujibu "haiwezekani" kwa sababu kusema hapana hakumgharimu kitu. Kama mwenye nyumba yuko nje, mpigie, halafu uombe jibu lake la maandishi, la meneja peke yake lisikutoshe kwa kitu cha zege.

Usianze na sheria. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 na kuna Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022, lakini mtu binafsi mwenye rentoz nne ukimfungulia mazungumzo na vifungu vya sheria anaona umekuja kupigana. Na umwambie wazi kwamba mtu anaongezeka nyumbani, usimfiche, hasa kama maji mnachangia mita moja na majirani. Sema kabisa utaongeza shilingi ngapi kwenye maji. Mkigundulika baadaye ndo ombi la rampu linageuka kesi ya idadi ya watu.

Ujumbe wenyewe unaweza kukaa hivi kwenye wasap:

"Salaam aleikum Hajati, pole na kazi. Ni mimi wa nyumba ya tatu. Hajati, mama yangu anakuja kutoka Arua kukaa na mimi kuanzia mwezi wa saba, ni mtu mzima, anatembea na fimbo na magoti yanamsumbua. Ngazi za mbele zitamshinda, ya chini ina sentimita 22. Naomba ruhusa yako tuzigeuze ziwe ngazi tatu fupi na kuweka vyuma vya kushikia pande mbili. Mtaro hauguswi na ukuta hauvunjwi. Mafundi wamesema kazi yote ni 640,000, karatasi zao nimeziambatisha na picha nilizochora vipimo. Naomba wewe usimamie ngazi, 318,000, kwa kuwa zitabaki kwenye nyumba yako, mimi nilipe vyuma. Kama hela haiko karibu naitanguliza mimi tukatane kwenye kodi polepole. Nikihama ukivitaka vyuma vitabaki, usipovitaka navikata, naziba na kupaka rangi. Jumamosi ukipata nafasi pita uone kabla hujaamua, mama."

Angalia ule mwisho. Mwache aje aone, manake mtu akisimama mbele ya ngazi ya sentimita 22 na wewe unamwonyesha kwa mkono anaelewa haraka kuliko kwa simu. Kama ana mama mzee wa kwake huko Masaka hutahitaji hata kumaliza kueleza.

Atakayouliza

Atauliza maji ya mvua yataenda wapi. Hilo ni swali halali, nimeona rampu imejengwa mtu akaziba tundu la kutolea maji barazani na mvua ya kwanza ikaingia sebuleni. Jibu: mteremko mdogo wa kwenda nje, na kama rampu inavuka mtaro pitisha bomba pana chini yake.

Kama ni rampu ya zege imeegemea ukuta atauliza unyevu, au asipouliza mwambie wewe. Zege na udongo wa kujazia vikigusa ukuta juu ya ule mstari wa polithini wa msingi, maji yanapanda ukutani na plasta inaanza kumenyeka ndani kwake baada ya misimu miwili. Muulize fundi hiyo mapema, aidha aweke polithini nzito kati ya rampu na ukuta au aache mwanya.

Atauliza boda. Hili linachekesha lakini ni la kweli, ukiweka rampu kila kijana wa kompaundi anapandisha pikipiki barazani usiku kwa kuogopa wezi, na oili inamwagika palepale mzee anapokanyaga. Kubaliana naye tangu mwanzo kwamba haparuhusiwi.

Na atauliza kuhusu rampu ya chuma inayohamishika badala ya zege. Inawezekana kwa kimo kidogo, ngazi moja ya sentimita 10 hadi 15, bati lenye vinundu. Lakini ifungwe chini kwa mnyororo au bolti, wanunuzi wa skrapu hawako mbali.

Andikeni, hata kama mnapendana

Sheria ya 2022 inasema upangaji wa thamani ya kuanzia shilingi 500,000 uwe kwa maandishi, na ujumbe wa kielektroniki unahesabika. Kwa hiyo ile wasap yake ya "sawa endelea" ni kitu, usiifute, piga skrinishoti. Ila mimi bado nataka karatasi moja ya kuongezea kwenye mkataba, sahihi mbili na shahidi, mwenyekiti wa LC1 akigonga muhuri ni vizuri zaidi. Na kwa kuwa mama anahamia kwenye kijiji cha mwenyekiti huyo ni adabu amjue.

Karatasi isiwe ndefu. Iseme kazi ni ipi na vipimo vyake, bei na nani analipa nini, kodi itakuwa shilingi ngapi kwa miezi ipi na mwezi gani itarudi kuwa kamili, ngazi ni za nani na vyuma ni vya nani. Halafu sentensi mbili ambazo watu wanaziruka. Ya kwanza, kwamba mkiachana kabla ya kukatana kuisha, kilichobaki kinarudishwa taslimu. Ya pili, kwamba matengenezo haya siyo sababu ya kupandisha kodi. Sheria hiyo hiyo imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo 600,000 isivuke 660,000, lakini heri mliandike manake nyumba ikishapendeza mtu anajisikia kuongeza.

Akisema hapana kabisa? Usijenge. Muulize kama anakataa kitu chenyewe au kulipa. Kama ni kulipa, mwambie utalipa yote mradi vyuma viwe vyako na karatasi iwepo. Kama ni kitu chenyewe, omba kidogo zaidi: chuma kimoja kimoja kila upande, vifungwe kwa bolti bila kugusa ngazi. Hicho ni kigumu kukikataa.

Siku ya kazi simama pale

Chuma kiwe bomba la duara, nje upana wake sentimita 3.2 hadi 4.5 ili vidole vizunguke, ile ya pembe nne mafundi wanaipenda kwa sababu inachomeleka haraka lakini mkono wa mzee hauishiki. Kimo kama sentimita 90 kutoka ukingo wa ngazi, mpime mama mwenyewe kama yupo, chuma kifike usawa wa kifundo cha mkono akiwa amesimama mikono chini. Kizidi ngazi ya kwanza na ya mwisho kama sentimita 30 kila upande, manake mtu anatafuta pa kushika kabla hajakanyaga. Chuma cha ukutani kiache sentimita 4 au 5 kutoka ukutani, na bolti ziingie kwenye tofali, siyo kwenye plasta. Tofali lenye matundu linadanganya, bolti inakaza leo na baada ya mwezi inazunguka bure, hapo ni heri uchimbie miguu ya chuma ardhini sentimita 30 kwa zege.

Uso wa ngazi usilainishwe ukang'aa. Zege likiwa bado bichi mwambie mwashi apitishe ufagio mgumu, mistari ikatize njia ya mguu. Hakuna tailizi nje, hata akikuambia ni zile zisizoteleza. Ukingo wa kila ngazi upake rangi ya njano, macho ya wazee hayatofautishi kijivu na kijivu jioni. Mwagilia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na vyuma visivutwe kabla ya wiki hiyo kuisha, kwa hiyo kazi yote ianze si chini ya wiki mbili kabla ya basi la mama.

Wiki ikiisha, kabla hujamlipa mchomeleaji salio lake, mwambie yeye mwenyewe ashike chuma aegemee kwa uzito wote na kukitingisha. Kikicheza hata kidogo, au plasta ikatoa unga kwenye bolti, salio linabaki mfukoni mwako mpaka arekebishe. Halafu piga picha, mtumie Hajati pamoja na risiti zote, siku hiyo hiyo, ndo hesabu ya kukatana kodi inaanzia hapo.